Seva ya mtumba, kadi ya gigabiti, lakini kusoma 50 MB/s na kuandika 33 MB/s: panabana wapi?

#1 Studio_Ndogo

Wakuu, habari za majukumu. Nina seva ya kuhifadhia video za studio, kompyuta ya mezani ya mtumba: prosesa Core 2 Duo E4500, bodi mama ya chipseti G31 na ICH7, RAM kijiti kimoja cha 2 GB DDR2-800. Ndani kuna Debian na Samba. Bodi ilikuja na mtandao wa 100 Mb/s tu, kwa hiyo nikaweka kadi ya gigabiti kwenye sloti ya PCI. Diski ni mbili za 1 TB, mizunguko 7200, nimeziunganisha RAID 1 kwa mdadm. Nazo ziko kwenye kadi ya SATA iliyo kwenye sloti ya PCI, maana fundi aliyeniuzia alisema ni vizuri mzigo usikae kwenye bodi.

Nikivuta faili la 8 GB kutoka seva kwenda kompyuta ya kuhariria, Windows inaonyesha 50 MB/s. Nikipeleka faili kwenye seva, 33 MB/s. Swichi ni ya gigabiti, kebo Cat5e, na `ethtool` inasema `Speed: 1000Mb/s`.

Hesabu yangu: PCI ni biti 32, yaani baiti 4, mara megahezi 33.33, mara moja kwa kila pigo la saa, jumla 133 MB/s. Mtandao ni 1000 gawa 8, yaani 125 MB/s. Diski nikiipima peke yake kwa `dd` inatoa 103. Hakuna pahali penye 50. Nafikiria kununua kijiti cha pili cha RAM ili iwe chaneli mbili, ila kabla sijatoa hela nataka kujua kama ndipo panapobana.

---

#2 Nyaya_Nyingi

Mkuu, hapo hesabu umeshaimaliza mwenyewe. Ukipanga vifaa kwa mstari, kasi ya safari nzima ni ile ya kifaa chenye namba ndogo. Diski 103, mtandao 125, PCI 133. Kwa nadharia ungepata 103. Unapata nusu, maana yake kuna kifaa hakitoi namba yake, na mara nyingi ni mtandao. Badilisha kebo weka Cat6, washa fremu kubwa za 9000 pande zote mbili, uone.

---

#3 Mama Oskilo

Studio_Ndogo, kabla ya kununua chochote, tuletee matokeo ya amri hizi mbili:

```
lspci -t
lspci | grep -Ei 'bridge|sata|ethernet'
```

Nyaya_Nyingi, kuchukua namba ndogo kuliko zote ni sahihi, lakini kuna hatua umeiruka. Umechukulia kwamba kila kifaa kina njia yake na kwamba data inapita kila njia mara moja tu. Bodi hii huenda haiko hivyo.

Fremu kubwa nazo hazileti mara mbili. Kwa fremu ya kawaida, kila baiti 1460 za data ya TCP huchukua nafasi ya baiti 1538 kwenye waya ukihesabu vichwa na pengo kati ya fremu. 125 mara 1460 gawa 1538 ni karibu 118.7 MB/s. Ukiweka 9000 unafika karibu 124. Faida yake ni asilimia nne hivi. Hiyo haielezi 50.

---

#4 Studio_Ndogo

Haya, mama. Nimefupisha majina kidogo:

```
-[0000:00]-+-00.0
           +-1c.0-[01]--
           +-1c.1-[02]----00.0
           +-1e.0-[03]--+-00.0
           |            \-01.0
           \-1f.2

00:1e.0 PCI bridge: Intel 82801 PCI Bridge
00:1f.2 IDE interface: Intel ICH7 Family SATA Controller
02:00.0 Ethernet controller: Realtek RTL8101E
03:00.0 Mass storage controller: Silicon Image SiI 3114
03:01.0 Ethernet controller: Realtek RTL8169
```

---

#5 Mama Oskilo

Jibu liko hapo kwenye `1e.0`. Huo ni mlango wa PCI wa ICH7, na nyuma yake kuna basi moja tu, namba 03. Kadi ya diski ni `03:00.0`, kadi ya mtandao ni `03:01.0`. Sloti zinaonekana mbili kwenye bodi, lakini nyaya za data ni zilezile 32, na saa ni ileile. Kwa wakati mmoja ni kifaa kimoja tu kinachoruhusiwa kuongea.

Sasa fuata baiti moja ya video unapoisoma. Inatoka kwenye diski, inaingia kadi ya SATA, inavuka basi 03 kwenda RAM. Samba inaishughulikia. Halafu inatoka RAM, inavuka basi 03 kwa mara ya pili kwenda kadi ya mtandao, ndipo inaingia kwenye waya. Basi ni moja, imevukwa mara mbili. Kwa hiyo usiandike 133 kwenye hesabu yako. Andika 133 gawa 2, yaani 66.7. Hapo tayari ndiyo namba ndogo kuliko zote kwenye safari yako, na 125 ya mtandao haijafikiwa hata kidogo.

Utaratibu ni huu: kila njia ipige hesabu ya upana, saa na idadi ya kuhamisha kwa pigo. Ukishapata, igawe kwa idadi ya mara data yako inapita njia hiyo. Ndipo utafute iliyo ndogo.

Kutoka 66.7 hadi 50 yako kuna pengo lingine, nitalirudia.

---

#6 Kibodi_Chakavu

Nina swali. Kadi zote mbili hizo, SiI 3114 na RTL8169, zinakubali megahezi 66. Ukifanya `lspci -vv` utaona `66MHz+` kwenye mstari wa Status. Kwa hiyo basi ni baiti 4 mara 66.67, ni 267 MB/s. Ukigawa kwa 2 ni 133. Bado hatujafika 50.

---

#7 Mama Oskilo

`66MHz+` ni kadi inasema inaweza. Haisemi saa inapiga ngapi sasa hivi. Saa ya PCI inatoka kwenye bodi, na ICH7 inatoa megahezi 33 tu. PCI ya 66 utaikuta kwenye bodi za seva halisi, nyingi zikiwa na sloti ndefu za biti 64. Hata huko, kadi moja ya 33 ikichomekwa kwenye basi hilo, wote wanashuka hadi 33, maana saa ni moja kwa kila aliye juu yake.

Ukisoma karatasi ya kifaa, tenganisha mambo mawili: kadi inaweza nini, na kiungo kinafanya nini. Kwenye PCI Express mambo hayo yameandikwa mistari miwili tofauti, `LnkCap` na `LnkSta`. Kwenye PCI ya zamani huna mstari wa pili, inabidi ujue bodi.

---

#8 Fundi_Pemba

Niongezee kuhusu pengo la 66 hadi 50, mama ataniweka sawa.

Hiyo 133 ni kasi ya wakati data inatiririka kila pigo bila kukatika. PCI haifanyi hivyo. Nyaya 32 ndizo zinazobeba anwani na ndizo zinazobeba data. Kila safari inaanza na pigo moja la anwani, halafu mapigo kadhaa ya kusubiri upande wa pili uwe tayari, halafu data, halafu pigo la kuachia nyaya ili mwingine azishike.

Chukua mfululizo wa baiti 64. Hizo ni safari 16 za baiti 4. Ongeza anwani 1, kusubiri 4, kuachia 1. Jumla mapigo 22, na kila pigo ni nanosekunde 30, yaani nanosekunde 660 kwa baiti 64. Ukigawa unapata 97 MB/s. Kadi ikikata mfululizo kwenye baiti 32, data inachukua mapigo 8 kati ya 14, na unashuka hadi 76. Ikiwa na mifululizo mirefu ya baiti 256, unapanda karibu na 120.

Ndiyo maana watu wanaopima PCI wanaona 90 hadi 110 badala ya 133. Na hiyo 103 ya diski yako, Studio_Ndogo, mimi siamini kama ni ya diski. Nadhani ni ya basi.

---

#9 Dogo_Rami

Shikamooni wakubwa. Mimi bado nipo kwenye RAM. DDR inahamisha mara mbili kwa pigo, sivyo? Kwa hiyo DDR2-800 ni megahezi 800 mara 2 mara baiti 8, ni 12.8 GB/s, na akiweka kijiti cha pili ni 25.6. Hiyo haiwezi kumsaidia?

---

#10 Mama Oskilo

Marahaba, mwanangu. Umezidisha mbili mara mbili. Hiyo 800 kwenye jina tayari ni idadi ya kuhamisha, milioni 800 kwa sekunde. Saa yenyewe ni megahezi 400. Kwa hiyo 400 mara 2 mara baiti 8 ni 6.4 GB/s kwa kijiti kimoja. Wauzaji wanaandika "800 MHz" na hapo ndipo watu wanapotea. Kanuni ya haraka ni kwamba namba iliyo baada ya DDR2, DDR3 au DDR4 na kistari usiizidishe tena kwa mbili, izidishe kwa 8 tu.

Kwa mashine hii kijiti cha pili kingefikisha RAM 12.8 GB/s, lakini prosesa haitaona yote. E4500 inazungumza na chipseti kupitia basi la mbele la baiti 8, saa megahezi 200, mara 4 kwa pigo. Piga hesabu: ni 6.4 GB/s, ileile ya kijiti kimoja. Kwa kazi ya prosesa, kijiti cha pili kingeongeza nafasi, kasi ni kidogo sana.

Na kwa kazi ya faili haihusiki kabisa. Hata ukichukulia data inaingia RAM, Samba inainakili, halafu inatoka, tuseme inagusa RAM mara nne. Kwa 50 MB/s hiyo ni 200 MB/s kati ya 6400. Hela ya RAM iweke mfukoni.

---

#11 Kasongo_L'shi

Bonjour wapendwa, na mimi niko na tatizo ile ile. Disque ya inje ya SSD, boksi imeandikwa USB 3.0, sanduku inasema 500 MB/s, kwangu inakopi 38 MB/s tu. Ni hii mambo ya kugawa kwa mbili?

---

#12 Fundi_Pemba

Hapana ndugu, yako ni nyingine. Andika `lsusb -t` na uangalie mwisho wa mstari wa disk yako. Ukikuta `480M` badala ya `5000M`, imeunganishwa kama USB 2.0. Megabiti 480 ni 60 MB/s kwenye karatasi, na 35 hadi 40 ndiyo inayopatikana kweli. Mara nyingi ni kebo isiyo na nyaya za ziada za USB 3, au umechomeka tundu lisilo lake. Badilisha kebo kwanza, halafu tundu. Fungua uzi wako tusichanganye.

---

#13 Studio_Ndogo

Nimeelewa kuhusu kusoma. Lakini kuandika ni 33, na njia ni ileile ikirudi nyuma: mtandao kwenda RAM, RAM kwenda diski. Mara mbili pia. Mbona si 50?

---

#14 Fundi_Pemba

Kwa sababu una RAID 1. Unaposoma, mdadm inachukua nakala moja kutoka diski moja. Unapoandika, inapeleka nakala kwenye diski zote mbili, na nakala hizo zinatengenezwa na kernel kwenye RAM, kadi haijui lolote. Kwa hiyo kila baiti inavuka basi 03 mara moja ikitoka mtandao, mara moja ikienda diski ya kwanza, mara moja ikienda ya pili. Jumla tatu.

Sasa tazama namba zako. Windows ikiandika MB inamaanisha za 1024, wakati `dd` inatumia za 1000. 50 ya Windows ni 52.4 ya `dd`, na 33 ni 34.6. Zidisha: 52.4 mara 2 ni 104.8, na 34.6 mara 3 ni 103.8. Na `dd` yako peke yake, inayovuka mara moja, ni 103. Namba tatu tofauti, zote zinaangukia palepale. Basi lako linapitisha karibu 104, unachobadilisha ni idadi ya abiria tu.

---

#15 Nyaya_Nyingi

Hesabu inapendeza, lakini namba tatu zinaweza kulingana kwa bahati. Inaweza pia kuwa prosesa, RTL8169 inajulikana kwa kumsumbua prosesa kwa maombi ya kukatiza. Ningetaka kuona `top` kabla ya kuhukumu.

---

#16 Mama Oskilo

Hoja nzuri, na inapimika. Njia ya kutenganisha ni kuendesha vitu viwili visivyohusiana kabisa ila vinavyotumia basi moja. Kwenye seva washa `iperf3 -s`. Halafu pima kwa zamu:

```
# kwenye seva: diski peke yake
dd if=/dev/sdb of=/dev/null bs=1M count=4096 iflag=direct

# kwenye kompyuta nyingine: mtandao peke yake, seva ikituma
iperf3 -c 192.168.1.10 -R -t 40
```

Kisha viendeshe vyote viwili pamoja. Hapo hakuna Samba, hakuna RAID, na data ya `dd` haiendi mtandaoni. Vikigawana na jumla ikabaki palepale, ni basi. `top` iwe imefunguliwa pembeni kwa ajili ya Nyaya_Nyingi, na uangalie `id` na `si`. `id` ikibaki na nafasi ya kutosha, prosesa haina hatia. `iflag=direct` usiisahau, bila hiyo mara ya pili `dd` inaweza kusoma sehemu ya data kutoka RAM na kukupa namba ya kuchekesha.

---

#17 Studio_Ndogo

Matokeo:

`dd` peke yake: 103 MB/s.
`iperf3` peke yake: 782 Mb/s, yaani kama 98 MB/s.
Pamoja: `dd` 53 MB/s, `iperf3` 412 Mb/s, yaani 51.5 MB/s.

Wakati wa pamoja `id` ilikuwa kati ya 55 na 60, `si` kama 14.

---

#18 Nyaya_Nyingi

53 na 51.5 ni 104.5. Sawa, ni basi. Bado nasema 14 ya `si` ni nyingi kwa mtandao wa 50 MB/s, lakini si kizibo cha leo.

---

#19 Mama Oskilo

Basi tufanye marekebisho, hatua kwa hatua, ukipima kila moja peke yake.

Hatua ya kwanza haina gharama. Toa diski kwenye kadi ya SiI na uzichomeke kwenye matundu ya SATA ya bodi. Hayo ni `00:1f.2`, yako ndani ya ICH7 yenyewe na hayapiti basi 03. Yanakwenda kwenye chipseti kuu kupitia kiungo cha DMI chenye karibu 1 GB/s kila upande. Ushauri wa kuweka mzigo mbali na bodi ndio uliokupeleka kwenye njia nyembamba.

mdadm inatambua diski kwa alama zilizoandikwa ndani yake, kwa hiyo kubadilisha matundu hakuvunji RAID. Kinachoweza kukusumbua ni `/etc/fstab` kama uliandika `/dev/sda1` badala ya UUID, kwa kuwa herufi zinaweza kuhama. Angalia kabla ya kuzima. ICH7 ya kawaida haina AHCI, usishangae BIOS kutokupa chaguo hilo. Kwa faili kubwa zinazosomwa moja kwa moja hutaona tofauti.

Baada ya hapo, basi 03 inabaki na kadi ya mtandao tu, mvuko mmoja kusoma na mmoja kuandika. Tarajia kitu kama 95 kwa kipimo cha `dd`.

Hatua ya pili ni kadi ya mtandao ya PCI Express x1, kama bodi ina sloti hiyo fupi. Toleo la kwanza linahamisha mara bilioni 2.5 kwa sekunde, biti moja kwa laini. Kila biti 10 zinazosafirishwa, 8 ndizo za data, kwa hiyo ni gigabiti 2, yaani 250 MB/s, na kila upande una nyaya zake. Hata ukitoa vichwa vya pakiti inabaki zaidi ya 200. Hapo waya wa gigabiti wenyewe unakuwa mwembamba kuliko sloti.

Tahadhari moja: jina la kadi linatokana na namba ya basi. `enp3s1` ya sasa itakuwa kitu kingine, huenda `enp1s0`. Usipobadilisha kwenye `/etc/network/interfaces` seva itawaka vizuri ila haitaonekana mtandaoni, na utadhani kadi ni mbovu. Weka skrini na kibodi karibu siku hiyo.

---

#20 Kibodi_Chakavu

Kama hana sloti x1, ile ndefu ya x16 ya kadi ya picha inafanya kazi pia. Kadi ya x1 inaingia, nafasi nyingine zinabaki wazi. Picha zitatoka kwenye bodi, G31 ina picha zake.

---

#21 Studio_Ndogo

Wakuu, nimefanya zote mbili. Bodi ilikuwa na matundu mawili ya SATA yaliyokaa tu, na sloti moja ya x1.

Baada ya kuhamisha diski, kadi ya mtandao ikiwa ileile: kusoma 90 kwa Windows, kuandika 84. Na `dd` ya diski peke yake imekuwa 121. Fundi_Pemba alisema 103 haikuwa ya diski, ni kweli.

Baada ya kadi ya x1: kusoma 111 kwa Windows, kuandika 96. `LnkSta` inasema `Speed 2.5GT/s, Width x1`. Lakini kuna jambo: miradi ya karibuni, ambayo imekaa mwishoni mwa diski, inasoma 70 hadi 75, na ile ya mwanzo inafika 111. Mtandao haujui faili ni la lini. Kuna basi lingine?

---

#22 Fundi_Pemba

Hapana, sasa ni diski zenyewe. Sahani inazunguka kwa kasi ileile, lakini njia za nje ni ndefu na zina sekta nyingi kuliko za ndani. Mwanzo wa diski uko nje, mwisho uko ndani, na mwisho hutoa kama nusu hadi theluthi mbili ya mwanzo. Pima:

```
dd if=/dev/sdb of=/dev/null bs=1M count=2048 iflag=direct
dd if=/dev/sdb of=/dev/null bs=1M count=2048 skip=900000 iflag=direct
```

Ya pili inaruka karibu mpaka mwisho wa 1 TB. Kwa hiyo kwenye mashine yako panapobana panahama: mwanzo wa diski ni waya, maana 111 ya Windows ni 116 na ushafika ukutani kwake. Kuelekea mwisho ni sahani. Na RAID 1 ya mdadm haigawi faili moja linalosomwa mfululizo kwenye diski mbili, usitegemee diski ya pili ikuongezee hapo.

---

#23 Studio_Ndogo

121 mwanzo, 68 mwisho. Asanteni sana. Kuandika kubaki 96 wakati mwanzo wa diski una 121 sijakuelewa bado, ila naweza kuishi nako.

---

#24 Nyaya_Nyingi

Kuandika RAID 1 kunasubiri diski iliyo nyuma kati ya mbili. Pima `/dev/sdc` pia, huenda si sawa na mwenzake. Au ni Samba. Mimi naanza na diski.

---

#25 Mzee_Sloti

Wakuu, mimi yangu haina sloti ya x1, ile ndefu imeharibika, na matundu ya bodi yote yamejaa. Nabaki na PCI kwa diski na mtandao pamoja. Niliwahi kuona mtu akibadilisha muda ambao kadi inaruhusiwa kushika basi:

```
lspci -v -s 03:00.0 | grep -i latency
setpci -s 03:00.0 latency_timer=40
```

Ilikuwa 32. Hiyo 40 ni ya heksadesimali, yaani 64. Inasaidia au ni kujifurahisha?

---

#26 Mama Oskilo

Mzee wangu, kwa hesabu ya Fundi_Pemba ya mapigo 22, kurefusha muda kunasaidia tu kama kadi ilikuwa inakatwa katikati ya mfululizo kwa sababu muda umeisha na mwenzake anasubiri. Kama kadi yenyewe inakata kila baiti 64, hakuna itakachobadilisha, maana haifiki hata pigo la 32. Mvuko bado ni miwili, kwa hiyo ukipata asilimia kumi juu ya basi, kwenye faili utaona MB tano hivi.

---

#27 Kibodi_Chakavu

Kwangu 64 ilileta nafuu inayoonekana, kwa SiI hiyohiyo. Nilipoweka 128 mtandao ukaanza kudondosha pakiti, `ip -s link` ikawa inapandisha `missed` na `dropped`. Kadi ya diski inashika basi muda mrefu, bafa ndogo ya kadi ya mtandao inajaa kabla haijapewa zamu.

---

#28 Fundi_Pemba

Hiyo inawezekana. Ila nafuu hiyo uliipima kwa `dd` na `iperf3` pamoja, au kwa kunakili faili? Kwa kunakili, kama mtandao ulikuwa unadondosha hata kidogo kabla, TCP inapunguza mwendo na huwezi kujua ni kipi kimeponya kipi.

---

#29 Kibodi_Chakavu

Kwa kunakili.

---

#30 Mzee_Sloti

Nitapima kwa njia zote mbili, 32, 64 na 128, nikiandika `missed` kabla na baada ya kila moja. Matokeo nitayaweka humuhumu.